Hesabu ya Desemba

Chukua mfano wa muuguzi wa Morogoro. Mshahara unaoingia mkononi ni shilingi 900,000 kwa mwezi, na kuku wake wamempa faida ya 1,200,000. Mapato ya mwaka, basi, ni milioni 12.

Kila mwezi aliweka 100,000, kwa hiyo anaamini ameweka akiba asilimia 10. Taarifa ya akaunti inasema vingine: Agosti alitoa 480,000 za ada. Kilichobaki ni 720,000, yaani asilimia 6. Kinachohesabika ni kilichobaki, si kilichopita.

Kwenye madeni ndiko kwenye kidonda. Alikopa 300,000 za kausha damu kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mwaka mzima amelipa riba tupu, 60,000 kila mwezi: jumla 720,000, sawasawa na akiba yake yote! Na deni bado lipo vilevile.

Bima ya afya aangalie tarehe ya mwisho, na kama mtoto aliyezaliwa Juni ameandikishwa.

Lengo lake ni kiwanja. Januari atoe 300,000 kwenye akiba, alimalize deni hilo, kisha zile 60,000 ziingie akiba kila mwezi pamoja na 100,000 za kawaida. Ada nayo itengewe fungu lake mapema.