Si Kiswahili Kilicho Kirefu

Imezuka kauli miongoni mwa walimu na wanafunzi wanaotumia programu za akili unde, kwamba Kiswahili hula nafasi nyingi kwa sababu maneno yake ni marefu. Mwalimu mmoja hapa Bomeni, mjini Taveta, alinieleza kwamba anapoipa programu insha za Kiswahili azichambue, mazungumzo hufika kikomo mapema kuliko zinapokuwa za Kiingereza. Aliyoyaona ni kweli. Ninachokipinga ni sababu inayotolewa.

Programu hizi hazihesabu maneno wala kurasa. Huhesabu tokeni, yaani vipande vya maandishi vilivyomo katika orodha iliyotayarishwa mapema. Neno lililomo katika orodha huwa tokeni moja. Lisilokuwamo hukatwakatwa mpaka vipatikane vipande vilivyomo. GPT-4 ilipotolewa mwezi Machi 2023, kikomo chake cha kawaida kilikuwa tokeni 8,192, maswali na majibu yakijumlishwa pamoja.

Orodha hiyo hutungwaje? Njia moja itumikayo sana ilitangazwa na Philip Gage mwaka 1994, naye lengo lake lilikuwa kubana data tu. Mashine hupewa rundo la maandishi, ikatafuta herufi mbili zinazoandamana mara nyingi zaidi na kuziunganisha ziwe kipande kimoja. Kisha huhesabu upya, kipande hicho sasa kikichukuliwa kama herufi moja, na kuendelea hivyo mpaka orodha ijae. Orodha ya GPT-4 ilikuwa na nafasi takriban 100,000. Rundo likijaa Kiingereza, nafasi nyingi hutwaliwa na maneno ya Kiingereza yakiwa mazima.

Tuchukue sentensi "Wanafunzi wanasoma vitabu" na mwenzake wa Kiingereza, "Students are reading books". Zihesabu herufi: ya kwanza ina 23, ya pili pia ina 23. Kwa maneno, yetu ina matatu na ile ina manne. U wapi basi huo urefu? Hata hivyo maneno manne ya Kiingereza, kwa kuwa ni ya kawaida sana, aghalabu huwa tokeni nne. Yetu yaweza kukatwa hivi: wan-af-unzi, wan-as-oma, v-it-abu. Hizo ni tokeni tisa. Kila orodha hukata kwa namna yake, lakini mwelekeo ndio huo.

Mwanafunzi wa isimu na aangalie mkato wenyewe. Sisi tungesema wa-na-som-a. Mashine imepasua mzizi "som" katikati. Haijui kiambishi wala mzizi, inajua marudio tu. Baadhi ya orodha, ile ya GPT-2 ikiwa mojawapo, huchukulia ritifaa kuwa alama ya uakifishaji, hivyo "ng'ombe" hutenganishwa hata kabla ya hesabu ya marudio kuanza.

Nakubali kwamba sarufi yetu ina sehemu yake. Kitenzi kimoja huzaa anasoma, walisoma, hatutasomeana na maumbo mengine maelfu, na kila umbo peke yake hutokea mara chache. Lakini hiyo siyo sababu kuu. Lau rundo lingekuwa la Kiswahili, "wana", "nafunzi" na "vitabu" vingejipatia nafasi bila shida. Mwezi Mei 2024 OpenAI ilitoa GPT-4o yenye orodha ya vipande takriban 200,000, na tokeni za lugha nyingi zisizo Kiingereza zikapungua. Lugha hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni orodha. Wahenga walinena: vyaelea, vimeundwa.

Atakayetaka kuhakikisha asilinganishe idadi ya maneno, maana neno letu moja hubeba mengi. Achukue aya moja, aitafsiri, kisha azipitishe zote mbili katika kihesabio cha tokeni cha programu anayoitumia. Pia ajue dalili za kufika kikomo: ama programu hukataa kuendelea, ama sehemu za mwanzo hudondoshwa, na majibu yakaanza kukiuka maagizo yaliyotolewa awali. Dawa ya muda ni kuanza mazungumzo mapya kwa kila insha chache na kuyarudia maagizo.

Siku hizi vikomo vimepanuliwa, ila uwiano haujafutika, na anayelipia kwa tokeni hulipa zaidi kwa maana ile ile. Kidawida na Kitaveta, ambazo maandishi yake ni machache zaidi, zina sababu kubwa zaidi ya kukatwa vipande vidogo. Kwa hiyo tusiwafundishe vijana wetu kwamba lugha yao ina maneno mengi kupita kiasi. Tuwaulize waundaji: katika rundo mlilolihesabu, Kiswahili kilikuwa sehemu gani?