Sabuni ya Mwani: Kupunguza Maneno, Kumbakisha Msemaji

Karatasi ndogo inayofungiwa kipande cha sabuni ya mkono ina nafasi ya aya moja. Mnunuzi husimama mbele ya meza kwa muda mfupi, akanusa, akageuza, akasoma mistari michache, akaamua. Watengenezaji wengi huipoteza aya hiyo kwa njia moja kati ya mbili: ama humimina maisha yao yote, ama humpa kijana wa kompyuta awaandikie, naye akawaletea “bidhaa asilia zenye ubora wa hali ya juu”, maneno ambayo yangefaa pia kwenye gunia la simenti.

Nitaonyesha njia ya tatu kwa mfano nilioutunga mwenyewe, kwa sura ya maelezo yanayosikika ufukweni Unguja. Mahali pake ni Paje, pwani ya mashariki. Hapo na jirani Jambiani ndipo kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza mwaka 1989, na walioshika kamba na vijiti wengi ni wanawake. Miaka ilivyosonga, maji ya kina kifupi yakawa yanapata joto kupita kiasi, na mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, ukawa unakufa. Baadhi ya wakulima wakageukia kuusaga na kuutia kwenye sabuni.

Mhariri mwenye busara hamwambii mama huyu aandike. Humwambia asimulie, akamrekodi kwa simu, kisha akanakili neno kwa neno. Watu wengi wakishika kalamu huanza kuongea kama barua ya serikali. Basi tuseme nakala imetoka hivi:

“Mie nimezaliwa Paje, baba yangu alikuwa mvuvi na mama akisuka ukili, na tulikuwa watoto saba, Mungu awarehemu waliotangulia. Nimesoma mpaka darasa la saba. Baadae nkaingia kwenye mwani, maana ulipokuja kila mtu aliuingia. Basi bei ikawa chini, na maji yakawa ya moto, mwani unaoza kwenye kamba, unaukamata unabaki na ute mkononi. Nkasema mie sirudi nyumbani mikono mitupu. Namshukuru sana shemeji yangu, na mwenyekiti wa kikundi, na waliotupa mafunzo. Sabuni ya mwanzo ilikuwa ngumu kama jiwe, mume wangu akaisugua kifuani, akasema hii ya kufulia. Sasa tunatia mafuta ya nazi na karafuu na mwani, haina kemikali yoyote, inatibu chunusi na ukurutu na fangasi, ni bidhaa bora ya kimataifa.”

Kazi ya kwanza si kufuta. Ni kutafuta sentensi ambazo hakuna mwingine angeweza kuzisema, na kuzipigia mstari. Hapa ziko tatu: mwani unaobaki ute mkononi, kiapo cha kutorudi mikono mitupu, na mume aliyeisugua sabuni kifuani. Hizo haziguswi. Angalia ile ya ute: anasimulia jambo lililopita, ghafla anasema “unaukamata unabaki na ute”, kana kwamba wewe ndiye uliyesimama majini. Mhariri wa shule atataka kuisawazisha iwe “nilipoukamata ulibaki ute”. Akifanya hivyo, sarufi imenyooka na mama ameondoka. Vivyo hivyo “mie” na “nkasema”: ni lafudhi ya Unguja, msomaji wa Mwanza ataielewa bila shida, na ndiyo inayomwonyesha nani anaongea.

Kisha ndipo kisu kinapoingia. Watoto saba na darasa la saba ni kweli, ila havielekei kwenye sabuni. Shukrani zina heshima yake na zina mahali pake, kwenye ubao wa kikundi au siku ya kikao, kwa sababu mnunuzi hamjui shemeji. “Bidhaa bora ya kimataifa” si sauti yake kabisa, ni maneno aliyoyaokota kwenye semina.

Sentensi ya kemikali na tiba ni nzito zaidi. Imo kinywani mwake na anaiamini, lakini haiwezi kubaki. Sabuni yoyote ya kipande hupatikana kwa kuchanganya mafuta na kostiki soda. Bila kostiki hakuna sabuni, na kostiki ni kemikali. Ikipimwa sawasawa huisha yote ndani ya mafuta, hilo ni jambo jingine. Kuhusu ukurutu na fangasi, anayeandika kwamba sabuni inatibu ametoka kwenye vipodozi akaingia kwenye dawa, na dawa hudai usajili na ushahidi mbele ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Kulinda sauti ya mtu hakumaanishi kumchapia dai litakalomtia matatani.

Baada ya kukata, shimo huonekana. Sabuni ilikuwa ya kufulia, ghafla inauzwa ya kuogea. Kilichotokea katikati ni nini? Hapo mhariri asijaze kwa kubuni, arudi akaulize swali moja tu: “Bi, ulibadilisha nini?” Kwa mjuzi wa sabuni, jibu linajulikana lilipo. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 180 za kostiki ili yote yageuke sabuni, na sabuni ya nazi iliyogeuka yote ni ngumu, hutoa povu jingi na hukausha ngozi. Mume alisema kweli, kwa nguo inafaa sana. Kwa kuogea, mtengenezaji hupunguza kostiki, wakati mwingine hata kwa asilimia 20, ili sehemu ya mafuta ibaki bila kugeuka na kulainisha mwili. Kisha huiacha sabuni wiki nne hadi sita ipungue maji na kukomaa. Mama atalisema hilo kwa maneno yake, nayo ndiyo yataingia:

“Mwani ukawa unaoza kwenye kamba, maji ya moto, unaukamata unabaki na ute mkononi. Nkasema mie sirudi nyumbani mikono mitupu. Sabuni yangu ya mwanzo ilikuwa ngumu kama jiwe. Mume wangu akaisugua kifuani, akasema hii ya kufulia. Nkapunguza kostiki, mafuta mengine yakabaki yanalainisha. Sasa natia nazi, karafuu na unga wa mwani, naiweka wiki sita ndio naiuza. Mie wa Paje, na mwani wa Paje.”

Maelezo yamepungua kwa zaidi ya theluthi, na karibu kila neno limetoka kinywani mwake. Kuzaliwa Paje kumehama kutoka mwanzo kwenda mwisho, kwa kuwa mwanzoni kulikuwa kama kujaza fomu, na mwishoni kunathibitisha mwani umetoka wapi. Kostiki imetajwa waziwazi, na haijaharibu kitu. Anayesoma anaona mtu aliyejifunza kazi yake kwa kukosea na kurekebisha.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, mpe mwenye sabuni aisome kwa sauti mbele yako. Akikwama mahali, usimsahihishe. Sentensi hiyo ni yako, si yake. Ifute, umuulize yeye angesemaje, uandike hivyo hivyo.