Sukari Inapokwisha Kwenye Damu ya Mtoto Mwenye Malaria Kali

Mtoto wa miaka mitatu, mwenye uzito wa kilo 12, anafikishwa hospitali ya wilaya saa nne usiku. Homa ilianza juzi. Jana alitapika kutwa nzima, na chakula cha mwisho kilichokaa tumboni ni uji wa jana asubuhi. Jioni ya leo amepata degedege, na tangu hapo haamki. Ukimfinya kidole anauvuta mkono kidogo, basi. Mama yake anasema malaria imempanda kichwani.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini wauguzi wa wodi za watoto, kuanzia Muheza hadi Kilifi, wanakijua vizuri. Na huenda mama amesema kweli. Vimelea vya malaria aina ya falsiparamu huzifanya chembe nyekundu za damu zinate kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, na mtoto akapoteza fahamu. Lakini mtoto huyo anaweza pia kuwa amelala hivyo kwa sababu damu yake imeishiwa glukosi, yaani ile sukari ambayo ubongo unaitegemea kila dakika. Kwa macho, hali hizi mbili hazitofautishiki: zote huleta degedege, zote huleta usingizi usioamshika. Tena mara nyingi mtoto huwa nazo zote mbili kwa pamoja. Tofauti kubwa ni kwamba upungufu wa sukari unaweza kurekebishwa ndani ya dakika chache, ilhali dawa ya malaria inahitaji saa nyingi kuwaondoa vimelea.

Kwa nini sukari ishuke kiasi hicho? Mtu mzima akikosa chakula siku nzima, ini lake hutoa akiba na kuendelea kulisha ubongo. Ini la mtoto mdogo lina akiba ndogo, na ubongo wake ni mkubwa ukilinganisha na mwili wake, hivyo matumizi yanazidi hazina. Mtoto wetu hajala kwa siku moja na nusu. Juu ya hapo ana homa, nayo homa huunguza sukari zaidi, na degedege vilevile.

Akiba ikiisha, ini hulazimika kutengeneza glukosi mpya. Hapo ndipo malaria kali inapomkwamisha mtoto, kwa sababu ini lenyewe limeugua na haliwezi kazi hiyo sawasawa. Wakati huohuo, chembe za damu zilizokwama kwenye mishipa midogo huzuia oksijeni kufika mwilini. Viungo vinavyokosa oksijeni hutumia sukari kwa njia ya hasara: huichoma nyingi, hupata nguvu kidogo, na kuacha asidi ya laktiki ikijaa kwenye damu. Ndiyo maana watoto wengi wenye sukari ya chini hupumua kwa kasi na kwa kina, kana kwamba wana nimonia. Vimelea navyo hula glukosi, na chembe iliyoingiliwa na kimelea huitumia mara nyingi zaidi ya chembe nzima.

Kwa muda fulani lawama yote ilitupiwa kwinini. Ilikuwa na msingi, kwani mwaka 1983 watafiti waliokuwa wakitibu wagonjwa nchini Thailand walionyesha kwamba dawa hiyo huichochea kongosho kumwaga insulini, na insulini hushusha sukari. Kisha mwaka 1988 Terrie Taylor, Malcolm Molyneux na wenzao wakachapisha matokeo ya watoto wa Malawi waliopimwa kabla hawajapewa kwinini. Takriban mmoja kati ya watano tayari alikuwa na sukari ya chini alipofika, na vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwao. Insulini yao haikuwa juu. Ugonjwa wenyewe, pamoja na njaa, ulitosha. Kwa hiyo mtoto anaweza kufika mlangoni akiwa tayari na shida hii, na pia anaweza kuipata akiwa kitandani. Leo dawa inayotangulia ni sindano ya artesuneti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, ambao Tanzania na Kenya zilishiriki, ulionyesha kuwa huokoa watoto wengi kuliko kwinini, na pia sukari hushuka kwa wachache zaidi wakiwa kwenye matibabu.

Turudi kwa mtoto wetu. Muuguzi anakifuta kidole chake na kusubiri kikauke. Hatua hii haifai kurukwa: kama njiani alipewa soda na kidole kina utamu, mashine itasoma sukari ya kidole badala ya ile ya damu. Anachoma, anagusisha tone kwenye kijiti cha kupimia, na baada ya sekunde chache kioo kinaonyesha 1.4 mmol/L. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye malaria kali, chini ya 3 ni lazima atibiwe. Mashine nyingine zikishindwa kusoma kwa sababu sukari imeshuka mno huandika "Lo" tu.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Damu ikiwa chache sana, jambo la kawaida kwenye malaria kali, mashine nyingi husoma juu kuliko hali halisi. Mtoto mweupe viganjani, anayesoma 3.3 na haamki, asihesabiwe kuwa salama.

Dawa ni glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kila kilo, yaani mililita 60 kwa mtoto huyu. Wodi ikiwa na ile ya asilimia 50 pekee, muuguzi huvuta mililita 12 na kuongeza 48 za maji ya sindano. Ikiingia bila kuzimuliwa huchoma mshipa. Artesuneti huanza papo hapo, bila mmoja kumsubiri mwenzake.

Baada ya nusu saa anapimwa tena. Tuseme imefika 5.1, na mtoto amefumbua macho, analia. Hapa ndipo wengi hupumua na kuondoka kitandani, na hapa ndipo hatari ilipo, kwa sababu glukosi ile ni ya muda mfupi tu, na vyote vilivyoishusha bado vipo. Anahitaji dripu yenye glukosi, na maziwa au uji mara anapoweza kumeza, au kwa mrija wa puani kama hawezi. Asipoamka vizuri, au degedege likirudi saa tisa usiku, kipimo kinarudiwa kabla ya lingine lolote. Na kama angebaki bila fahamu sukari ikiwa imeshapanda, daktari angejua kwamba malaria imefika kwenye ubongo wenyewe, au atafute homa ya uti wa mgongo.

Pale ambapo vijiti vimekwisha, mwongozo ni kumtibu kila mtoto asiye na fahamu kana kwamba sukari yake imeshuka. Zahanati isiyo na dripu, ikisubiri gari, inaweza kumlaza ubavu na kumwekea chini ya ulimi kijiko cha chai kimoja cha sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo, na kurudia kila baada ya dakika 20. Asinyweshwe chai wala soda akiwa hajitambui, maana itaingia kwenye mapafu. Na mzazi akifika mapokezi, pamoja na siku homa ilipoanza, aseme pia saa ambayo mtoto alikula mara ya mwisho, hata kama hakuna aliyemuuliza.