Mguu wa Mnara wa Tangi la Maji: Uzito, Kubetuka na Upepo

Mguu wa chuma unaobeba tangi la maji lililoinuliwa hukaguliwa kwa maswali matatu. Je, chuma chenyewe kinaweza kusagika kwa uzito? Je, mguu unaweza kubetuka, yaani kuchomoka upande ghafla kabla chuma hakijafika kikomo chake? Na upepo ukivuma, mguu unaongezewa mzigo gani, na unapindwa kiasi gani? Maswali haya hujibiwa kwa mpangilio huohuo, kwa sababu jibu la kila moja huingia katika hesabu ya linalofuata.

Mfano unaofaa ni mnara wa kawaida wa shule au zahanati: tangi la plastiki la lita 10,000, mnara wa mita 6, na miguu minne iliyosimamishwa kwa mraba wa mita 2.4. Kila mguu ni chuma cha pembe, kile ambacho mafundi hukiita engo, cha milimita 75 kwa 75 chenye unene wa milimita 6. Mnara umegawanywa katika vyumba vitatu vya mita 2 kila kimoja, na kila chumba kina vyuma vya mlalo na vya mshazari pande zote nne.

Kazi huanza na uzito. Lita 10,000 za maji ni tani 10, sawa na takribani kilonyutoni 100, kwa kuwa kilonyutoni moja ni karibu uzito wa kilo 100. Tangi, jukwaa na chuma cha mnara huongeza kama kilonyutoni 12. Jumla ni 112, na kila mguu hubeba robo yake, yaani kilonyutoni 28.

Upepo hufuata. Mgandamizo wake hupatikana kwa kuzidisha kasi kwa kasi, kisha kwa 0.613, na jibu huwa nyutoni kwa mita mraba. Dhoruba ya mita 40 kwa sekunde hutoa karibu kilonyutoni 1 kwa kila mita mraba. Tangi lenye kipenyo cha mita 2.3 na kimo cha mita 2.6 huukabili upepo kwa eneo la mita mraba 6, lakini kwa kuwa ni la duara upepo huteleza pembeni, hivyo msukumo ni takribani kilonyutoni 5. Vyuma vya mnara huongeza kama 2.

Msukumo huo hutaka kuuangusha mnara. Ule wa tangi hufanya kazi katikati ya tangi, mita 7.3 juu ya ardhi, na ule wa vyuma kwenye mita 3. Nguvu ikizidishwa kwa kimo, jumla ni kilonyutoni-mita 42.5. Hali mbaya zaidi si upepo unaopiga upande mmoja wa mraba, bali unaopiga kona. Hapo mguu mmoja pekee hukandamizwa na ule wa kona ya pili huvutwa, na umbali kati yao ni mita 3.4. Kugawanya 42.5 kwa 3.4 kunatoa kilonyutoni 12.5. Mguu wa upande ambao upepo unaelekea sasa hubeba 28 na 12.5, jumla 40.5. Ukizidishwa kwa 1.5 ili kuwe na akiba ya usalama, mzigo wa kukagulia unakuwa kilonyutoni 61.

Swali la kwanza hujibika upesi. Engo hiyo ina eneo la milimita mraba 873, na chuma cha daraja la 275 huanza kulegea kikibebeshwa nyutoni 275 kwa kila milimita mraba. Kwa hiyo mguu mfupi sana ungehimili kilonyutoni 240, karibu mara nne ya mzigo. Anayeishia hapa huona mguu una nguvu tele, na hapo ndipo kosa huanzia.

Kubetuka hakutegemei sana ugumu wa chuma, bali urefu wa mguu usioshikwa. Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba mzigo wa kubetukia hupungua kwa mraba wa urefu huo: urefu ukiongezeka mara mbili, uwezo hubaki robo. Engo ni dhaifu zaidi katika mwelekeo wa mshazari wake, si sambamba na mbavu zake, na hesabu lazima ifuate mwelekeo huo. Kama mguu wa mfano ungeachwa mita 6 bila kushikwa, ungebetuka kwa kilonyutoni 10.7 tu. Maana yake ni kwamba mnara ungeanguka siku tulivu, kabla tangi halijajaa. Ukishikwa kila mita 3, kanuni za usanifu, zinazozingatia pia kwamba hakuna chuma kilichonyooka kabisa, huuruhusu kilonyutoni 37, ambazo bado hazitoshi. Ukishikwa kila mita 2, uwezo hupanda hadi takribani 75. Mzigo wa 61 hutumia asilimia 81 ya uwezo huo.

Asilimia 19 iliyobaki si ya bure. Upepo hupiga pia mguu wenyewe kati ya mishikizo na kuupinda kidogo, karibu asilimia 5 ya uwezo wake wa kupindwa. Lakini mguu uliokwisha kukandamizwa hukuza mpindo wowote: kadiri unavyopinda, ndivyo mzigo wa juu unavyozidi kuupinda. Kwa mzigo huu mpindo hukua karibu mara 2.7 na kufika asilimia 13. Jumla ni 94. Mguu unafaulu, kwa tofauti ndogo.

Ufaulu huo unategemea vyuma vya mshazari. Vikiwapo, upepo hushuka kama mkandamizo na mvuto. Vikikatwa ili kupata njia ya kupita chini, miguu ya chumba cha chini hulazimika kuupinga upepo kwa kupindwa. Kila mguu hupata kilonyutoni-mita 2.6 pamoja na akiba ya usalama, huku uwezo wake ukiwa 2.3, hata kabla ya kuhesabu uzito wa maji. Kutu nayo ina hesabu yake: ikila engo kutoka milimita 6 hadi 4, uwezo wa kubetuka hushuka hadi kama 50, chini ya 61 zinazohitajika.

Tangi tupu nalo lina hatari yake. Bila maji, kila mguu una kilonyutoni 3 tu za kuukandamiza, wakati upepo unavuta 12.5 kwenda juu. Baada ya akiba ya usalama, msingi lazima uzuie karibu kilonyutoni 16. Kitalu cha zege cha mita 1 kwa 1 chenye kina cha sentimita 80 kina uzito wa kutosha, mradi bolti za nanga zimeshika vizuri.

Kwa mnara uliokwisha kusimama, ukaguzi wa macho hufuata hesabu hizi. Uzi ukivutwa kati ya mishikizo miwili huonyesha mguu uliopinda. Kwa urefu wa mita 2, mpindo unaozidi milimita 2 au 3 unatosha kumwita mhandisi. Kutu hupimwa zaidi karibu na bamba la chini, ambako maji hutuama, na kila mshazari hukaguliwa kama upo, umekaza na bolti zake ni kamili. Mnara uliopungukiwa mshazari mmoja haupaswi kujazwa maji hadi urudishwe.