Mita namba 14 inajibu, namba 1 iko kimya

Fundi amefunga mita ndogo za umeme kwenye jengo la fleti. Zote zimeungwa kwenye jozi moja ya waya iliyosokotwa, inayopita korido hadi korido na kuishia kwenye kisanduku chenye Arduino na chipu ya MAX485. Kila mita amepewa namba yake. Anawasha, anatuma ombi kwa mita namba 14, jibu linarudi safi. Anatuma ombi lilelile kwa mita namba 1, hakuna kitu. Anabadilisha mita, bado kimya. Mita aliyoitoa anaipa namba 14, nayo inajibu mara moja.

Hapo wengi huanza kuitilia shaka mita, kisha waya, kisha hata umeme wa jengo. Kosa haliko huko. Liko katika chini ya elfu moja ya sekunde, mwishoni kabisa mwa ombi, na ukilielewa utakuwa umeelewa karibu kila kitu kinachosumbua kwenye laini za namna hii.

Lugha ambayo mita hizi zinazungumza inaitwa Modbus. Kampuni ya Kimarekani ya Modicon iliitoa mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta zake za kuendeshea mitambo ya viwandani, na hadi leo imo ndani ya mita za umeme, inverta za sola na vidhibiti vya pampu. Utaratibu wake ni rahisi: kuna kiongozi mmoja anayeuliza, na wengine hawasemi neno mpaka waulizwe kwa namba zao.

Waya zenyewe hufuata kiwango kinachojulikana kama RS-485. Mpokeaji haangalii volti ya waya mmoja dhidi ya ardhi. Anaangalia tofauti kati ya waya wawili, A na B. Kwenye MAX485, A ikiizidi B kwa angalau volti 0.2 hiyo ni moja, na B ikiizidi A kwa kiasi hicho hiyo ni sifuri. Kelele ya umeme ikiingia kwenye jozi iliyosokotwa huzipanda waya zote mbili karibu sawasawa, kwa hiyo tofauti yao haitikisiki. Ndiyo maana laini hii huweza kufika mita 1,200 kwa mwendo mdogo. (Watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe A na ipi B. Kama mita hazijibu hata moja, geuza waya kabla ya kufungua kitu kingine chochote.)

Jozi ni moja na wasemaji ni wengi, kwa hiyo ni lazima wapokezane. Inafanya kazi kama simu ya upepo ya walinzi: ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia, huwezi kufanya vyote kwa pamoja. Kitufe cha kubonyeza kwenye MAX485 ni pini inayoitwa DE. Ikipandishwa juu, chipu inazishika waya na kuzisukuma. Ikishushwa, inaziachia. Pini jirani, RE, hufungua sikio la kupokea, nayo hufanya kazi kinyume: ikiwa chini ndipo inasikia. Kwa sababu hiyo mafundi huziunganisha hizo mbili na kuziendesha kwa pini moja ya Arduino. Juu ni kusema, chini ni kusikiliza.

Kuipandisha hakuna taabu. Swali ni lini uishushe.

Tuliangalie ombi lenyewe. Kiongozi anataka rejista mbili za mwanzo kutoka mita namba 1, kwa hiyo anatuma baiti nane, zikiandikwa kwa mfumo wa kumi na sita:

```
01 03 00 00 00 02 C4 0B
```

Ya kwanza ni namba ya mita, ya pili ni kazi inayotakiwa, yaani kusoma rejista, kisha mahali pa kuanzia na idadi ya rejista. Mbili za mwisho, `C4 0B`, ni CRC, hesabu inayotokana na baiti zote zilizotangulia. Mita huirudia hesabu hiyo yenyewe, na ikipata jibu tofauti hulitupa ombi zima bila kusema kitu. Kimya hicho kimeandikwa katika kanuni za Modbus, na kina maana: ombi likiwa limeharibika, huenda hata namba ya mita iliyomo si ya kweli, na wawili wakijibu kwa pamoja hali huwa mbaya zaidi.

Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, kila biti inachukua mikrosekunde 104. Baiti moja ya Modbus ina biti 11: moja ya kuanza, nane za data, moja ya pariti na moja ya kumaliza. Jumla ni milisekunde 1.15 hivi kwa kila baiti, na ombi zima linachukua milisekunde 9.2.

Ndani ya kichakataji cha Arduino Uno, baiti hupita vyumba viwili kabla ya kutoka. Programu huiweka kwenye bafa, kisha bafa huikabidhi kwa rejista inayoisukuma nje biti moja moja. Bafa ikibaki tupu, bendera iitwayo `UDRE0` inapanda. Programu nyingi huiona bendera hiyo, zikaamini kazi imekwisha na kushusha DE. Kumbe wakati huo baiti ya mwisho ndiyo kwanza inaanza kutoka. Mwandishi wa programu akigundua kuna tatizo huongeza kusubiri kidogo, tuseme mikrosekunde 500, kisha anajaribu na mita iliyo mezani. Ikijibu, anaifunga kazi.

Mikrosekunde 500 ni biti nne na sehemu kubwa ya ya tano. Baiti ya mwisho ya ombi letu ni `0B`, yaani 00001011, na biti hutoka kuanzia ile ya kulia. Inatoka biti ya kuanza, kisha 1, 1, 0, 1, halafu DE inashuka na chipu inaziachia waya. Kama laini imewekewa rezista za kuishikilia ipumzike kwenye moja, kama inavyopaswa, mita inaendelea kusoma moja, moja, moja, moja. Sifuri nne zilizobaki zimegeuka kuwa moja nne. Mita imepokea 11111011, yaani `FB`, badala ya `0B`.

Pariti nayo haikuokoi. `0B` ina biti tatu zenye thamani ya moja na `FB` inazo saba. Zote ni witiri, kwa hiyo biti ya pariti inayotarajiwa ni moja katika hali zote mbili, na laini iliyopumzika inasomeka hivyohivyo. Mita inaona baiti iliyo timamu kabisa, mpaka inapofika kwenye CRC. Hapo hesabu inagoma, na ombi linatupwa.

Sasa tazama ombi la mita namba 14:

```
0E 03 00 00 00 02 C4 F4
```

Baiti ya mwisho ni `F4`, yaani 11110100. Biti nne za kwanza kutoka ni 0, 0, 1, 0, na hizo zimetoka salama. Nne zinazofuata zote ni moja, na pariti yake pia ni moja. DE imeshuka mapema vilevile na chipu imeziachia waya vilevile, ila laini tupu imesema kile ambacho chipu ingesema. Mita namba 14 inajibu kwa sababu namba yake imezaa CRC yenye mkia wa moja tupu. Ndiyo maana mita ileile, ikipewa namba nyingine, inageuka kuwa mbovu au nzima.

Kuliona kosa hili si kazi ngumu. Unganisha adapta ya USB ya RS-485 sambamba na laini, iache isikilize tu, na usome kinachopita. Ukiona `C4 FB` mahali palipotakiwa kuwa `C4 0B`, umemaliza uchunguzi. Ukiwa na kifaa cha kunasa ishara, weka waya mmoja kwenye DE na mwingine kwenye DI, pini inayopokea data kutoka Arduino. DE haitakiwi kushuka kabla DI haijatoa biti yake ya mwisho ya kumaliza.

Tiba ni kusubiri bendera sahihi. Ile inayoitwa `TXC0` hupanda baada ya biti ya kumaliza kutoka nje na bafa kuwa tupu. Kwenye Arduino, `Serial.flush()` ndiyo inayokusubirisha hivyo:

```
digitalWrite(DE, HIGH);
Serial.write(ombi, 8);
Serial.flush();
digitalWrite(DE, LOW);
```

Kusubiri kwa kukisia mimi sikukubali hata kidogo, kwa sababu muda unaotosha kwa mwendo mmoja hautoshi kwa mwingine, na anayeongeza sana huangukia kosa la upande wa pili.

Kosa hilo la pili linatokana na namna Modbus inavyotenganisha fremu. Hakuna herufi maalumu ya kusema "naanza" au "nimemaliza". Kinachotenganisha ni ukimya: laini ikinyamaza kwa muda wa baiti tatu na nusu, fremu imekwisha. Kwa biti 9,600 huo ni milisekunde 4.0. Juu ya biti 19,200 kwa sekunde kanuni zinashauri kutumia milisekunde 1.75 isiyobadilika, ili kichakataji kisielemewe na saa fupi mno. Ukimya huo hauruhusiwi katikati ya fremu. Programu ikisita kati ya baiti mbili, kwa mfano ikienda kuandika kwenye skrini, mpokeaji huona vipande viwili, na vyote hukataliwa.

Basi mita ikishapokea ombi husubiri angalau ukimya huo, kisha hujibu. Jibu la rejista mbili lina baiti tisa. Chukua programu iliyowekewa `delay(10)` baada ya `flush`, "kwa usalama". Mita yenye haraka inaanza kujibu milisekunde 4 baada ya ombi, huku kiongozi akiendelea kuzishika waya kwa milisekunde 6 zaidi. Chipu mbili zinasukuma jozi moja kwa pamoja, na baiti tano za mwanzo za jibu zinapotea, ikiwemo namba ya mita. MAX485 haiungui kwa mgongano mfupi wa namna hiyo, kwa kuwa ina kinga ya kupunguza mkondo, lakini jibu limeharibika. Mita inayochukua milisekunde 30 kuandaa jibu haitaonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo programu inafanya kazi miezi mingi na mita za zamani, mpaka siku inapofungwa mita mpya yenye kasi zaidi, na lawama zote zinaiangukia hiyo mpya.

Dalili za makosa haya mawili hazifanani, na hilo lisaidie kutofautisha. DE ikishuka mapema, mita hainyanyui sauti kabisa: kwenye adapta ya kusikiliza utaona ombi lenye mkia ulioharibika na baada yake hakuna kitu. DE ikichelewa, utaona ombi zima, kisha baiti za ovyo, kisha mkia wa jibu ukiwa mzima.