Kontena la Lusaka na dhamana isiyofungwa

Mzigo wa mfanyabiashara wa Zambia ukishushwa bandarini Dar es Salaam, Tanzania haiutozi ushuru, kwa kuwa hautatumika hapa. Lakini hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na sehemu za kuushusha kimyakimya njiani hazikosekani. Ndiyo maana forodha hudai dhamana.

Tuseme kontena lina bidhaa za dola 40,000, bima na nauli ya meli zikiwemo. Zingebaki Tanzania kwa ushuru wa asilimia 25, zingelipiwa dola 10,000, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 juu ya dola 50,000, yaani dola 9,000. Tozo nyingine tuziache. Dola 19,000 ndizo zilizo hatarini. Mwenye mzigo hazitoi mfukoni. Wakala wa forodha huweka dhamana iliyokatwa kwenye kampuni ya bima, kwamba mzigo usipotoka nchini, kodi italipwa.

Lori hufungwa sili, likapewa siku 30 za kuvuka mpaka. Likiharibika Mikumi, dereva hana ruhusa ya kuhamishia mzigo kwenye lori la mwenzake kwa makubaliano yao tu. Lazima forodha iarifiwe na itoe kibali. Tunduma, ofisa hulinganisha namba ya sili na iliyo kwenye mfumo, ndipo athibitishe kwamba mzigo umetoka.

Uthibitisho huo ndio wengi huusahau. Kila dhamana ina kikomo, na kila safari isiyofungwa kwenye mfumo hukila. Wakala mwenye safari kumi zilizosahaulika anaweza kushindwa kupokea mzigo mpya ingawa malori yote yalishafika Lusaka. Ukiona wakala anapiga chenga kuhusu tarehe ya kuondoka, muulize kwanza hali ya dhamana yake.

Je, kama mnunuzi wa Lusaka bado hajalipa? Hapo ndipo ghala la dhamana lina faida. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mzigo kukaa humo miezi sita bila kulipiwa kodi, na kwa kibali cha maandishi, mitatu zaidi. Unaweza kutolewa kidogo kidogo, au hata kuuzwa Tanzania, alimradi kodi ilipwe kwanza. Muda ukiisha, unaweza kupigwa mnada. Kodi ya ghala yenyewe, bila shaka, inahesabika tangu siku ya kwanza.

Uingizaji wa muda ni jambo jingine, ingawa watu huuchanganya na haya. Huo ni wa kitu kinachokuja kutumika kisha kirudi, mathalani mtambo wa kuchimba visima kutoka Zambia wenye kazi Mbeya. Hupewa muda usiozidi miezi 12, na namba zake huandikwa ili urudi uleule. Kontena letu halihusiki huko: likifunguliwa na bidhaa zake zikatumika njiani, dola 19,000 zitadaiwa.