Kufundisha Barua ya Malalamiko: Betri ya Spika Iliyovimba

Aghalabu tunafundisha barua ya kikazi kwa kuanzia anwani mbili, tarehe na kichwa cha barua, kisha tunampa mtoto jambo la kubuni aliandikie. Mpangilio huo ni wa lazima, lakini haumwelezi mtoto aandike nini katikati. Katika mazoezi ya kufundisha, Darasa la Sita, tulipata jambo la kweli. Spika ndogo ya kuchaji, tuliyoitumia katika vipindi vya masimulizi, ilikutwa asubuhi moja mgongo wake umeinuka, nayo haikai tena sawasawa juu ya meza. Betri yake ilikuwa imevimba.

Mwalimu hana budi kujua kinachotokea kabla hajawapa watoto kalamu. Betri ya spika kama hii ni ya lithiamu, nayo imefungwa katika mfuko laini. Ikichajiwa kupita kiasi, ikipata joto jingi, au ikichakaa, kimiminika kilichomo huanza kuharibika na kutoa gesi. Gesi ikikosa njia huutunisha mfuko. Mtoto mmoja alishauri tuitoboe kwa sindano ili "ipumue". Tulisimamisha somo hapo hapo, kwani betri ya namna hii ikitobolewa au ikigandamizwa yaweza kulipuka moto, na gesi yake ni ya sumu tena huwaka. Wala haichajiwi tena, hata kwa kujaribu. Tuliizima spika bila kuifungua, tukaiweka nje kivulini, katika ndoo ya mchanga mkavu, mbali na madarasa.

Ndipo watoto wakaandika. Barua nyingi za kwanza zilifanana na hii: "Spika yenu ni mbovu, haifai. Tunataka nyingine haraka." Tuliliuliza darasa: mtu wa huduma kwa wateja, ambaye hajaiona spika yetu, ataelewa nini? Mmoja alisema labda haitoi sauti. Mwingine, labda haishiki moto wa umeme. Tukawaomba wajifanye wao ndio karani, wajibu barua hiyo. Majibu yalikuja upesi: "Ichajini kwa saa nane, kisha mtuarifu." Darasa likanyamaza. Neno "mbovu" lilikuwa limemwongoza karani atoe shauri la hatari, naye hakuwa na kosa.

Baada ya hapo tulisaidiana kuandika upya ubaoni:

"YAH: BETRI YA SPIKA ILIYOVIMBA

Tulinunua spika ya kampuni yenu tarehe 14 Machi, 2025. Nakala ya risiti, namba ya spika na picha yake tumeviambatanisha. Asubuhi ya tarehe 3 Juni, 2025, baada ya kuchajiwa usiku kucha kwa chaja iliyokuja nayo, tuliona mgongo wake umeinuka kiasi cha milimita 4. Hatukuona moshi wala kusikia harufu. Tangu hapo haijachajiwa wala kufunguliwa, nayo imewekwa nje katika mchanga mkavu.

Tunaomba mtupatie spika nyingine iliyo salama, na mtueleze kama kasoro ni ya betri, ya chaja au ya spika yenyewe. Tunaomba pia maelekezo ya kuirudisha hii. Hatutaituma kwa posta wala kwa basi kabla hatujapata jibu lenu."

Sentensi mbili zilizua mjadala. Ya kwanza ni ile ya moshi na harufu. Watoto waliuliza kwa nini tuandike jambo ambalo halikutokea. Tuliwaeleza kuwa betri inayovuja huweza kutoa harufu tamu kali, mfano wa rangi ya kucha, na kwamba karani akijua harufu haipo atapima hatari kwa namna nyingine. Kutaja kisichokuwapo ni habari pia.

Ya pili ni ombi lenyewe. Watoto wengi walitaka kuandika "mtuletee betri mpya". Lakini kama chaja ndiyo haikati umeme betri inapojaa, betri mpya nayo itavimba. Ndiyo maana barua inaomba kifaa salama na kuuliza chanzo. Kuhusu kuirudisha, tuliwaambia tu kwamba betri ya lithiamu iliyoharibika hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege, na katika basi lililojaa watu na mizigo yaweza kubanwa njiani.

Kwa zoezi la mwisho tulifuta ubaoni sentensi moja moja, na kila mara kikundi kimoja kiliandika jibu ambalo karani angeweza kulitoa kwa barua iliyobaki. Ilipofutwa ile ya chaja, kikundi kilijibu kuwa shule imetumia chaja isiyo yake, kwa hiyo haistahili kupewa spika nyingine. Dakika 40 hazikutosha. Tuliumaliza mjadala kesho yake.